Chai ya Kikombe Kimoja

Maxwell alipoondoka hakupiga kelele, hakuvunja kitu, na wala hapakuwa na mwanamke mwingine. Afadhali angekuwepo, Kendi alifikiri baadaye, maana mwanamke mwingine unaweza kumchukia na siku zikasonga. Maxwell alikaa tu ukingoni mwa kitanda katika fleti yao ya Merrylands, jijini Sydney, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, akasema amekubali kazi ya Perth, upande wa pili wa Australia, na anakwenda peke yake.

"Nimechoka, Kendi," alisema. "Sisemi kwa ubaya. Nimekuwa nikipumua kwa niaba ya watu wawili, na sasa sina hewa."

Na kweli alikuwa amechoka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebeba gunia ngazi nyingi na kuambiwa bado kuna ghorofa moja. Kendi hakuona uchovu huo siku ile. Aliona tu mlango, sanduku la bluu, na ukuta wa jengo la jirani ambao tangu wahamie hapo hakuwahi kuutazama hata mara moja.

Tuseme ukweli kuhusu ndoa ile, maana watu waliisifu sana kanisani na hawakuwa wamekosea kabisa. Walipendana. Kendi alikuwa Mmeru, Maxwell Mjaluo wa Kisumu, na Kiswahili chao cha nyumbani kilikuwa kimechanganyikana na Kiingereza mpaka wageni wakawa wanacheka. Hawakujaliwa watoto, basi muda wote walipeana wao kwa wao. Lakini Kendi alikuwa na desturi moja aliyoiita ripoti. Alifanya kazi katika nyumba ya wazee huko Granville, na kila zamu ilipokwisha, kabla hata ya kuwasha gari, alikuwa ameshampigia Maxwell. Nani kamnunia, meneja kasema nini na kwa sauti gani, mzee yupi kakataa kula. Aliongea njia nzima, akapanda ngazi akiongea, akafungua mlango akamkuta Maxwell amerudi naye ana simu sikioni, wakakata simu na kuendelea uso kwa uso.

Maxwell alisikiliza, kisha akamwambia anachohisi. "Hapo hujakasirika, umeona aibu tu." Au, "Wewe una njaa, kula kwanza." Kendi aliamini na akatulia. Mama yake akipiga simu kutoka Meru na kusema neno lenye miba, Maxwell ndiye aliyeamua kama lilikuwa tusi au utani. Miaka kumi na mmoja ilipita hivyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza Maxwell ripoti yake anampa nani.

Sasa, Wakenya wa fellowship, wale wa kusali pamoja, hawawezi kumwacha mtu na msiba. Habari ilipowafikia, Sista Wanjugu, mwenyekiti wa kina mama, alifungua kundi la WhatsApp na kuliita "Kendi Asilale Pekee". Kufikia jioni ile walikuwa wamefika na sufuria za pilau, chapati zilizofungwa kwenye foili, thermos tatu za chai na blanketi, wakavua viatu mlangoni na kuimba nyimbo mbili. Zamu zikapangwa: leo atalala na Miriam, kesho ataenda kwa Wanjugu, keshokutwa atakuja mwingine.

"Hatutakuacha hata dakika moja, my dear," Wanjugu alimwambia, akimshika mashavu. "Upweke ni shetani."

Ni desturi nzuri, tena imeokoa wengi. Tatizo ni kwamba matanga yana mazishi. Mkishazika, watu hukunja mikeka na kurudi makwao, na mfiwa anajua sasa ni wakati wa kuanza. Hapa hapakuwa na wa kuzikwa. Aliyekufa alikuwa Perth, mzima wa afya, akila mkate wake. Kwa hiyo matanga yakaendelea bila mwisho, na Kendi akapitishwa mkono kwa mkono kama kikapu cha sadaka. Kwa kila mwenyeji alitoa ripoti. Wanjugu akamwambia afunge na kuomba. Miriam akamwambia atafute wakili upesi, asizubae. Mwingine akamwambia aingie gym. Kila usiku alilala na maelezo mapya ya moyo wake mwenyewe, na kila asubuhi aliamka akiwa mtupu vilevile, katikati ya nyumba iliyojaa watu.

Halafu wakachoka. Usiwalaumu, ni wauguzi na wahudumu wenye zamu mbilimbili, watoto wa shule na waume wanaokoroma. Kundi likaanza kunyamaza. Mtu akasema ana mafua. Mwingine akasema roster ya zamu imebadilika. Mwishowe mmoja akaweka humo tangazo la friji anayoiuza, bei ya kuelewana, na Kendi akaelewa kwamba matanga yamekwisha.

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyekuja. Kendi aliwasha televisheni sebuleni, na redio jikoni, na taa zote isipokuwa ya chumba cha kulala ambamo hakuingia. Alikula wali akiwa amesimama kwenye sinki. Alijiuliza kama anataka kuoga, akakosa jibu, akagundua kwa hofu kubwa kwamba hajui jibu la jambo lolote. Baridi anaisikia? Amekasirika? Anaumwa? Ilikuwa kama kupapasa mfuko na kukuta umetoboka. Saa kumi na moja jioni, giza la Juni, mwezi wa baridi kule, lilipoanza kuingia, kitu kilimkamata kifuani, akachukua funguo akakimbilia kwenye jengo la maduka. Alikaa kwenye benchi mbele ya duka la viatu, miongoni mwa akina mama wa Kiarabu na vijana wenye mifuko, mpaka walinzi wakaanza kushusha vizuizi. Hakununua kitu. Alitaka tu kuwa mahali ambapo mtu anapita.

Jumamosi nyingine alirudi pale, na Jumapili pia. Siku za kazi alipata dawa nyingine, nayo ilikuwa Diane.

Diane Arakaza alifanya naye kazi Granville. Mrundi, amekulia kambi ya wakimbizi ya Kasulu huko Tanzania, mama wa watoto watatu, anakaa St Marys. Alikuwa na masikio makubwa na moyo wa kutosha kuyajaza. Kendi alianza kwa kumsimulia kidogo wakati wa chakula cha mchana. Kisha akaanza kumpigia kutoka kwenye gari. Kisha njia nzima. Kisha Diane akiwa anapika, Kendi akisikia mtoto nyuma akisema, "Mum, is that the auntie again?"

Siku moja kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Diane alifunga mlango, akakaa kwenye kiti, akapiga paja lake.

"Dada Kendi, kaa. Mimi nakupenda kabisa. Lakini kila siku, hapana. Wewe unanipigia, unamwaga, unakata simu, unalala. Mimi nabaki na hiyo maneno yote. Nachanganya chumvi na sukari."

Kendi alihisi uso unawaka. "Sorry. Sikujua nakusumbua."

"Usumbufu si neno. Alors, tuchague siku. Jumatano, na Jumapili baada ya kanisa. Hizo siku ni zako, nakaa, nakusikiliza, hata saa mbili. Siku zingine, mutu ajishike mwenyewe."

"Na nikishindwa?"

"Utashindwa," Diane alisema bila kusita. "Halafu Jumatano itafika."

Kendi aliumia, tusifiche. Alimchukia Diane mpaka Alhamisi. Lakini ndani ya maumivu hayo kulikuwa na sauti ndogo iliyomwambia kwamba maneno haya ameshayasikia, kutoka kwa mtu aliyekuwa na soksi mkononi.

Na hapa ndipo Bi Cheryl anapoingia, ingawa alikuwepo siku zote, chumba cha mwisho cha ile nyumba ya wazee, upande wa bustani. Alikuwa ajuza wa Australia, mwembamba, mwenye kumbukumbu iliyoraruka. Asubuhi alikuwa mchangamfu. Lakini alasiri, vivuli vilipoanza kurefuka sakafuni, alianza kutembea kandokando ya ukuta akishikilia reli na kumwita mumewe, Douglas, aliyekufa zamani. Wengi wa wagonjwa wa namna hiyo huchafuka jioni. Wahudumu wapya humwambia, "Douglas alishakufa, Cheryl," naye analia kama ndiyo kwanza anaambiwa. Au humdanganya kwamba anakuja, naye anakaa mlangoni amevaa koti, akingoja.

Kendi hakufanya hivyo. Alikuwa na utaratibu wake, wa miaka mingi. Taa anawasha mapema, kabla giza halijaingia. Mapazia anayafunga ili vivuli visitembee. Anampa kitu cha kula, maana nusu ya hofu huwa ni njaa. Anamuuliza kama anataka choo. Anaangalia viatu kama vinabana. Kisha anakaa chini kuliko yeye, anasema polepole, "Unamkosa Douglas. Jioni ni ngumu. Niambie, alikuwa anapenda kula nini?" Hamkimbizi, hambishii, hamtulizi kwa nguvu. Hofu inapanda, inafika juu, halafu kila mara, kila mara, inashuka. Muda si mrefu Cheryl anakuwa anasimulia keki ya ndimu.

Kendi alikuwa amepiga magoti pale, siku mbili baada ya Diane kumpa masharti, akimfunga Cheryl kamba za viatu, akisikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "It's a hard hour, darling. It will pass, it always does." Mikono ikasimama. Alijiona kwenye benchi la duka la viatu, amevaa koti kama Cheryl.

"Nani anakuambia wewe hivyo?" alijiuliza, kwa Kiswahili, na Cheryl akamtazama kwa huruma kana kwamba ameelewa.

Jioni ile alifanya jambo ambalo lingemfanya acheke kama asingekuwa amechoka hivyo. Alijihudumia kama mgonjwa wake. Alipofika tu nyumbani, kabla giza halijaingia, aliwasha taa. Alifunga mapazia. Alizima redio, akabakiza kimya, na kimya kikamvamia pale pale. Mkono ukaenda kwenye simu. Hakujikataza, alijua akijikataza atapiga mara tatu. Alijiambia tu: kwanza chai iive. Akaweka maji na maziwa kwenye sufuria, akasimama hapo hapo, maana chai ya maziwa ukiipa kisogo inamwagika. Na aliposimama akajiuliza kama anavyomuuliza Cheryl: umekula? Miguu je?

Namkosa Maxwell, moyo ukajibu, kama kasuku.

Sawa, unamkosa. Na miguu je?

Miguu ilikuwa inawaka moto. Alikuwa hajala tangu saa nne asubuhi. Na meneja alikuwa amempa zamu ya Jumapili bila kumuuliza, na hilo lilimkera, lilimkera kweli, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba limemkera. Aliliona mwenyewe, likiwa hapo na umbo lake. Alishangaa. Vitu alivyoviita "namkosa Maxwell" vilikuwa vinne, na Maxwell alikuwa kimoja tu. Akavua viatu, akaloweka miguu kwenye beseni, akala mkate na yai. Kile cha nne kilibaki. Kilipanda hadi kooni, akalia, kikakaa, kikashuka. Alipotazama chai, alikuwa amepika ya watu wanne. Alikunywa kikombe kimoja, iliyobaki akaimwaga.

Msidhani alipona. Haiendi hivyo, na anayekuambia inaenda hivyo anakuuzia kitu. Kesho yake alifaulu, keshokutwa akashindwa akakimbilia dukani. Jumatano alimsimulia Diane, na akagundua kwamba mambo mengi aliyoyaweka tangu Jumapili yalikuwa yameyeyuka yenyewe, yakabaki mawili yenye maana. Diane naye, kwa kuwa hakuwa amezidiwa, alianza kusimulia ya kwake. Kumbe mumewe, Salvator, alikuwa hana kazi kwa muda mrefu. Kendi hakuwa akijua.

Alinunua sufuria ndogo. Alihamisha kiti kimoja akakiweka dirishani. Alianza kulala chumbani, kwanza upande wake wa kitanda, siku nyingine katikati. Alijifunza kuamua mambo madogo bila kuomba ushauri: rangi ya pazia, kama ampigie mama leo au kesho, kama neno la mama lilikuwa na miba. Lilikuwa nayo. Alimwambia, "Mama, hapo umeniumiza," na mama akauliza tu kama huko kunanyesha. Kila uamuzi ulimchosha kama kazi ya shamba. Aliingia kitandani na mwili mzito, akawaza: kumbe hii yote alikuwa akiifanya Maxwell, ya kwake na ya kwangu.

Kisha mwezi wa Julai, jioni moja ya mvua, baada ya zamu mbovu, alianguka. Hakungoja chai. Alimpigia Maxwell, akiwa bado garini, injini haijawashwa, akamwaga kila kitu kwa saa nzima. Maxwell alisikiliza. Mwishoni akasema kwa sauti ya chini:

"Unajua, Kendi, hata mimi huku... Niko na safari ya Sydney mwezi ujao. Nitafikia kwa yule rafiki yangu Rufus. Nikuje tuongee? Ukisema nirudi, narudi."

Neno "rudi" lilikuwa tayari ulimini. Alisema atamjibu akija, na hakuelewa ni nini kilichomzuia.

Jumapili baada ya kanisa, Diane alisikiliza mpaka mwisho, akimenya viazi.

"Unamutaka?" aliuliza.

"Sijui. Nampenda. Lakini usiku ule hata angekuwa fundi bomba ningemwambia arudi."

Diane alicheka mpaka kisu kikaanguka. Halafu akawa makini. "Dada, ukiingia supermarket na njaa, unarudi nyumbani na vitu vya ajabu. Shiba kwanza. Ukishiba na bado unamutaka, mwambie aje na sanduku. Ukishiba na humutaki, utajua."

Kwa hiyo hilo likawa jambo lenyewe. Maxwell atakuja, atauliza, na Kendi alitaka jibu litoke kwake, si kwenye saa kumi na moja ya jioni. Hakuwa na hakika kama siku zitamtosha.

Agosti ilianza na upepo. Jumapili moja alifua, akakaa dirishani na kikombe chake, akautazama ukuta wa jirani, ambao ulikuwa na mmea mdogo umeota kwenye ufa. Aliupitisha muda kwa mambo madogo: kumenya viazi na mahindi ya mukimo, chakula cha kwao Meru, kuponda polepole, kuimba wimbo wa shule ya msingi ambao alisahau ubeti wa pili. Alipoinua kichwa, dirisha lilikuwa jeusi. Giza lilikuwa limeingia bila kubisha hodi, na yeye hakuwa amelisikia. Alikaa akiitafuta ile hofu kama mtu anayepapasa pengo la jino lililong'olewa. Kulikuwa na uchovu, na huzuni kidogo, na harufu ya mukimo. Alikuwa peke yake na hakuwa amepungukiwa kitu cha haraka.

Wiki ileile Bi Cheryl alifariki, asubuhi, baada ya chai. Kendi ndiye aliyemwosha uso na kumchana nywele. Jioni alikaa kwenye gari, mvua ikigonga kioo, simu mkononi. Angeweza kumpigia Diane. Kwa jambo hili Diane asingehesabu siku. Alijua hilo, na kujua kukatosha. Aliendesha hadi nyumbani, akawasha taa, akafunga mapazia, akala, akavua viatu, kisha akakaa sakafuni akiegemea kitanda, akamlilia Cheryl kwa sauti. Alisema peke yake, "Nimefiwa. Nilimpenda yule bibi." Hakuna aliyemsahihisha. Jumatano alimwambia Diane, wakalia pamoja, na kilio cha pili hakikuwa cha kuokolewa. Kilikuwa cha watu wawili waliomfahamu Cheryl.

Maxwell alikuja wiki mbili baadaye, Jumamosi alasiri. Alikuwa amekonda, ndevu zimekatwa vibaya, ameshika begi la mkononi kubwa kuliko linalohitajika kwa mazungumzo. Walikumbatiana mlangoni. Kendi alisikia harufu ya shingo yake na akakawia kumwachia, maana mwili hausahau upesi. Akamkaribisha, akabandika sufuria kubwa ya zamani.

Maxwell alitazama kiti cha dirishani. Alikaa sofani, akaweka mikono magotini, akasubiri. Kendi alimwona anavyosubiri: kichwa kimeinama kidogo kushoto, ile sura ya kupokea ripoti.

"Na kazi?" Maxwell aliuliza.

"Iko tu. Cheryl alifariki."

"Cheryl wako? Lini?"

"Kama wiki mbili hivi."

"Hukunipigia." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyefika kazini akakuta meza yake imepewa mwingine. "Ulifanya nini?"

"Nililia hapa ndani, nikala, nikalala."

Maxwell alitazama kikombe chake. Kendi alimwongezea chai. Kisha akauliza jambo ambalo, alipolisikia, lilimshangaza yeye mwenyewe, maana katika miaka yote ile hakukumbuka kuliuliza na kungoja jibu.

"Na wewe, Max? Unaishije huko?"

Maxwell alianza taratibu, kisha likaja kama maji ya bomba lililopasuka. Chumba cha Perth kina zulia la kijivu. Televisheni haizimwi. Jioni anaendesha gari bila kwenda popote. Kazini watu ni wazuri lakini yeye hajui kusema habari zake. Anajua kuuliza za wengine. Alidhani akifika atapumua. Badala yake, jioni ya kwanza alikaa na simu akisubiri Kendi apige, akiwa na majibu tayari. Siku zilipopita bila Kendi kupiga, Maxwell alikosa pa kuweka mikono.

"Nilidhani nimechoka na wewe," alisema. "Kumbe kukubeba ndiyo kitu pekee nilikuwa najua kufanya. Ile siku ulipiga ukilia, trust me, usiku huo nililala vizuri. Ni mbaya kusema, lakini nililala."

Nje kulianza kuwa giza. Kendi aliinuka akawasha taa, akafunga mapazia. Akaleta mukimo na nyama, akamwekea sahani. Maxwell alikula kama mtu aliyesahau chakula. Alipomaliza, aliuliza bila kuinua macho:

"Nirudi?"

Kendi alijikagua kwanza kama anavyomkagua mgonjwa. Ameshiba. Miguu haimuumi. Taa zinawaka. Haogopi. Na hapo, bila njaa kuufunika, aliuona upendo wake kwa mtu huyu, mzima, umekaa mahali pake. Aliona vilevile kwamba anayeuliza hakuwa anamuuliza yeye. Aliijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye koti, aliyesimama mlangoni kama Cheryl.

"Nakupenda," alisema. "Lakini leo sitakujibu. Wewe unaiogopa jioni, Max. Hujanitaka mimi bado. Nami nilikuwa hivyo hivyo, kwa hiyo sikulaumu hata kidogo."

"Hivyo ndivyo unaniambia? Baada ya yote nilikufanyia?"

"Ndiyo. Kwa sababu ya yote uliyonifanyia."

Alilia, Maxwell, ambaye hakuwahi kulia mbele yake. Kendi hakumwambia anachohisi, ingawa alikijua. Alikaa chini, kwenye zulia, chini kuliko yeye, akamshika mkono. Alipotulia akamweleza, polepole, bila kumficha kitu. Saa kumi na moja ndiyo mbaya. Washa taa mapema. Kula. Ukitaka kupiga simu, bandika chai kwanza, na usiipe kisogo. Tafuta mtu mmoja mwenye siku zake, usimmalize. Inapanda, halafu inashuka. Utashindwa mara nyingi.

"Halafu?"

"Halafu uniulize tena, ukiwa umeshiba."

Alimpeleka kituo cha treni cha Merrylands. Walikaa kwenye gari, wipa zikifuta mvua isiyo na nguvu. Maxwell alichukua begi lake kubwa.

"Nikifika kwa Rufus nikupigie?"

Kendi alitaka kusema ndiyo kwa mwili wake wote. "Si kesho. Nipigie Jumapili ijayo," alisema. "Nitakaa, nitakusikiliza hata saa mbili."

Alirudi nyumbani amechoka kuliko baada ya zamu yoyote. Hakuwasha televisheni. Alikuwa hajavua koti simu ilipoanza kuita mezani, na jina lilikuwa la Maxwell, na treni haikuwa hata imefika kituo cha pili. Kendi alisimama akaitazama. Sasa alielewa iligharimu nini kukaa upande huu wa kupigiwa, kusikia mtu unayempenda akigonga na kumwachia jioni yake aivuke mwenyewe. Kile cha kifuani kilipanda mpaka juu. Alibandika sufuria ndogo, akamimina chai iliyobaki, akasimama pale pale akiilinda.

Simu ilinyamaza. Alisubiri ianze tena. Chai ilichemka, akaizima, akamimina, ikatosha kikombe kimoja. Simu haikuita tena. Kendi alishusha pumzi, akamlilia kidogo yule mtu aliye kwenye treni, kisha akaenda dirishani akakaa kwenye kiti chake.